Saa Tano ya Nani

Wewe unayesoma hapa, kama nikikuandikia "ukuye kesho saa 2", utafika kwangu wakati gani? Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka siku moja, na bwana yangu akabakia na mawingu mu macho miezi sita zaidi.

Bwana yangu anaitwa Kanamugire. Tunakaa Kibabi, kwa mulima, tuko na ngombe watatu, shamba la maharagi na miti ya eucalyptus tuliyopanda tukiwa vijana. Tangu miaka miwili macho yake yalianza kufunikwa na kitu cheupe, kwanza jicho la kushoto, kisha la kuume likafuata kama mutoto anayeiga mukubwa wake. Alipokamua maziwa, nusu iliingia mu chombo na nusu ikanywewa na udongo. Siku moja alimusalimia ndama kwa heshima yote, akamuuliza habari za nyumbani, akizania ni jirani. Tulicheka sana, na yeye akacheka. Lakini wiki ile ile aliacha njia, mguu ukakanyaga hewa, akateremuka kwa korongo mpaka muti mumoja wa eucalyptus ulipomushika kwa koti. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kuna waganga wa macho wanaokuya mara mbili kwa mwaka kwa hospitali moja kule chini, kando ya ziwa. Wanaondoa kile kitu cheupe, wanafunga jicho na pamba, kesho yake wanafungua na mutu anaona. Mama mumoja wa huku kwetu alifunguliwa pamba, akaangalia bwana yake, akasema: "Kumbe umezeeka hivi!" Kwa hiyo nikaandikisha jina la Kanamugire. Wakanipa namba: kumi na saba kwa liste ya watu makumi ine. Wakasema saa tutaijua kwa mesaji.

Mesaji ilifika mwezi wa ine. Iliandikwa na sekretere wa hospitali, dada mumoja anaitwa Igiraneza. Niliisoma mwenyewe, sababu nilisoma mpaka mwaka wa tano na mwalimu wangu alinisifu kwa kusoma: "Papa Kanamugire, kujiandikisha siku ya ine saa 8. Atakayechelewa nafasi yake itapewa mwingine."

Saa nane! Nilifurahi. Nilisema hawa ni watu wenye akili, wanajua watu wa mulima wanatoka mbali. Siku ya ine, ni kusema Alhamisi, tuliamuka polepole, nikapika viazi, nikapiga pasi koti la muzee kwa pasi ya makala, tukapanda gari, tukafika chini kwa ziwa saa saba na nusu. Nikamwambia Kanamugire: "Unaona? Nusu saa mbele. Watatusifu."

Igiraneza alikuwa anakula fufu mu ofisi. Aliangalia liste, akaangalia sisi.

"Mama, munatafuta nini?"

"Namba kumi na saba. Ya saa nane."

"Saa nane ilishapita, mama. Tulifunga liste saa mbili na nusu."

"Dada, saa mbili na saa nane ni kitu kimoja kwako?"

Hapo njo akanionyesha telefone yake. Juu kulikuwa 13:34. Akanieleza kwa uvumilivu wa mutu aliyekatizwa chakula: telefone inahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo jua likikuwa na saa mbili, telefone inasema nane. Yeye aliandika nane ya telefone.

"Uliandika kwa kiswahili," nikasema. "Ungeandika kwa kifaransa, ningejua ni saa ya kifaransa."

"Ningeandika kwa kifaransa, mungesema hamusikii kifaransa."

Hapo alinishinda. Kwa benchi watu walianza kutucheka, hata mama mumoja mwenye jicho moja limefungwa pamba, alicheka na lile lingine. Igiraneza akaniambia kanuni ya waganga: mwenye kukosa mara mbili anaondolewa kwa liste, sababu wengine wanangojea. Tungerudi mwezi wa kumi, mara ya mwisho. Mimi nilikuwa na hasira ya kupasuka. Kanamugire alisema tu, "Haina shida, Mama Umuhoza, tutarudia," na mu gari akaimba nyimbo za kanisa njia yote. Nikafikiri, huyu muzee Mungu alimupa moyo muzuri sana.

Nilirudi na nia ya kujifunza. Mujukuu wangu Alliance, anayesoma kule Sake, alinieleza vizuri. "Tate, ni sita tu. Ukiona saa ya telefone, toa sita. Kama haitoki, ongeza sita." Kwa ukuta wetu kuna saa ya mishale ambayo mutoto wetu Umuhoza alituletea siku ya ndoa yake. Alliance akaweka kidole: "Mushale mufupi uko kwa mbili. Angalia upande mwingine, mukia unaelekea nane. Kichwa ni saa ya wafaransa, mukia ni saa yetu." Nilipenda hiyo. Wiki nzima nilikuwa napita mbele ya ukuta nikisoma mukia. Saa moja ya asubuhi, telefone saba. Saa sita ya muchana, telefone kumi na mbili. Saa kumi na moja ya alfajiri, telefone tano. Hata nikipepeta maharagi nilikuwa nahesabu.

Sasa nikuambie habari ya Gentil. Ni kijana wa jirani, lakini kijana mwenye bibi na watoto watatu, anaendesha kamioneti ya zamani. Anabeba bidon za maziwa na fromaji, ile jibini ya huku kwetu, kwenda Sake, akirudi anabeba unga na chumvi kwenda Rubaya. Mwezi wa munane aliniandikia: "Mama Verdiane nitapita kukamata maziwa saa 10." Mimi, ambaye sasa najua kila kitu, siku hiyo niliona uvivu wa kuhesabu. Niliendelea na shamba, nikatoa maziwa kwa barabara saa kumi jioni. Yeye alikuwa alishapita saa ine ya asubuhi, akapiga honi mpaka mbwa wakachoka. Bidon mbili zikachacha.

Nilimugombeza mbele ya nyumba yake, bibi yake na Kanamugire wakisikia. "Gentil, unaandikia mama muzee wa Kibabi, si ministre! Ukiandikia wazee, andika saa ya wazee! Na ukisoma ya wazee, soma kama wazee!"

"Pole, mama. Sitarudia hata siku moja. Naapa."

Na mimi, nikiwa njiani narudi nyumbani, nilijisikia vibaya. Kijana anafanya kazi na telefone siku yote, kila bureau anaandikiwa saa ya kifaransa. Nikajisemea: Verdiane, na wewe umusaidie. Ukimwandikia yeye, andika saa yake. Sikumwambia mutu. Jambo la wema halitangazwi.

Mwezi wa kumi mesaji ya hospitali ikafika. Safari hii Igiraneza aliandika vizuri, bila kasoro: "siku ya ine, saa mbili ya asubuhi, ni kusema telefone 08:00." Karibu nimubariki. Kutoka Kibabi mpaka hospitali, kama hakuna matope mengi na barieri za njiani hazicheleweshi watu, ni saa tatu. Saa mbili toa tatu, tutoke saa kumi na moja ya alfajiri. Nikasimama mbele ya ukuta, nikasoma kichwa badala ya mukia: tano. Nikakaa kwa kiti, nikaandika kwa kidole kimoja, na nikisema kila neno kwa sauti kama ninavyofanya siku zote:

"Gentil. Utukamate siku ya ine saa 5 ya asubuhi. Usichelewe, ni macho ya muzee."

Kanamugire alikuwa pale anasuka kamba ya ndama. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Jibu likafika kesho yake: "Oui mama. Saa 5 ya asubuhi juste."

Siku ya ine saa kumi na moja tulikuwa kwa barabara, na ukungu, na mufuko wa viazi vya kuchemsha, na koti lililopigwa pasi. Nilikalisha muzee kwa kiti kidogo cha kukamulia. Saa kumi na mbili jogoo wote walishamaliza kazi yao. Saa moja watoto wakapita na vitabu kwenda masomo, wakatusalimia. Mama mumoja akapita na mihogo kichwani.

"Munasafiri, Mama Verdiane?"

"Tunasafiri."

"Na gari?"

"Inakuya."

"Mm," akasema, na ile "mm" ningeweza kumurudishia na jiwe.

Kanamugire alikuwa anakula kiazi chake bila haraka. "Labda pneu ya gari imepasuka," akasema. "Labda Mungu hapendi leo."

"Mungu hana kamioneti. Gentil njo ako nayo."

Saa moja na nusu nilimwacha, nikapanda mulima pale rezo ya telefone inapatikana, chini ya pilo moja, ile nguzo ndefu ya chuma. Nikapiga, ikakataa. Nikapiga, ikasema maneno ya kifaransa. Ilipolia kweli, kwa telefone yangu kulikuwa 08:00 kamili, na kule chini nilijua Igiraneza anafungua liste yake.

"Mama Verdiane!" Gentil alijibu na furaha. "Mbona unanipigia mapema hivi? Niko Rubaya, nashusha unga."

"Rubaya? Gentil, unashusha unga na macho ya muzee wangu iko kwa barabara tangu saa kumi na moja?"

"Lakini tuliandikana saa tano, mama. Saa tano bado sana, ni saa mbili sasa."

Upepo ulikuwa unapiga ile pilo. "Saa tano ya nani, Gentil?"

"Yako, mama! Saa tano ya wazee. Si uliniambia mwenyewe, ukisoma ya wazee, soma kama wazee? Nilisoma kama muzee kabisa."

"Na mimi niliandika kama kijana."

"Lakini kwa nini, mama?"

"Kwa kukusaidia."

Kwa telefone nilisikia mutu akiangusha mufuko wa unga, na Gentil akisema pole pole, "Eh, Mungu wangu."

Hapo hakuna aliyekosa, fikiria wewe mwenyewe. Kila mumoja alishika ahadi yake. Kama mumoja wetu angekuwa mutu mubaya kidogo, tungefika kwa saa. Niliteremuka mulima, nikijua nimemupotezea muzee wangu jicho kwa ajili ya adabu. Nilimukuta amefunga macho kwa jua.

"Basi turudi nyumbani?" akauliza. Hata hakungojea nieleze.

"Hatutarudi. Tutaenda waniambie mbele ya uso wangu kwamba wametuondoa kwa liste."

Gentil alifika saa ine kasoro robo, matope mpaka kwa vioo, nusu ya unga bado iko mu kamioneti. Hakusalimia. Alimubeba muzee kwa mikono kama bidon, akamuweka mbele, mimi katikati. Njiani aliomba pole kila kona, na mimi nilimurudishia pole yake, mpaka Kanamugire akasema: "Acheni kuombana pole, muangalie njia. Mimi sioni, lakini nasikia korongo."

Tulifika kando ya ziwa saa saba na nusu. Saa ile ile ya mwezi wa ine, bila kuzidi dakika tano. Kwa bandari ndogo, pale boti kutoka Bukavu zinashusha watu, niliona watu watatu wamekaa juu ya masanduku ya chuma, wamefunika vichwa na magazeti kwa sababu ya jua. Mumoja alivaa koti jeupe. Alisimama akapungia mukono kama mutu anayezama.

Gentil akasimamisha.

"Papa dereva, munapanda kwa hospitali?" yule wa koti jeupe akauliza. Midomo yake ilikauka. "Mimi ni dokteri Habumugisha, wa macho. Tuko hapa tangu asubuhi."

Nilitoa kichwa kwa dirisha. "Tangu saa ngapi, dokteri?"

"Tangu saa mbili. Niliandikia sekretere wiki moja mbele: tunafika 8h. Nimemupigia mara kumi. Anasema dereva wao alishapewa mesaji, telefone yake haipatikani, bila shaka ako njiani. Tangu saa mbili ako njiani! Na masanduku haya hatuwezi kuyapandisha kwa miguu, ndani kuna mashini."

"Alimwandikia kwa kiswahili?" nikauliza.

"Nani?"

"Sekretere. Kwa dereva. Aliandika kwa kiswahili?"

Dokteri aliniangalia kama mutu anayetafuta ugonjwa wangu. "Bila shaka kwa kiswahili. Dereva hasikii kifaransa."

Nilishuka nikasaidia kupanga masanduku kati ya mifuko ya unga. Dokteri alikaa juu ya mufuko mumoja, suruali yake nyeusi ikageuka nyeupe ifanane na koti. Nikawapa viazi vilivyobakia. Walikula kama watu ambao mahindi yao yalikosa mvua.

Nusu ya mupando tulikutana na ambulansi ya hospitali ikiteremuka, imeoshwa inangaa. Dereva, papa mumoja anaitwa Albert, alisimama, akachungulia, akaona waganga juu ya unga.

"Mbona munapandia huko?" akauliza, na kweli alikasirika. "Mimi njo nakuya kuwakamata! Mesaji iko hapa, saa 8. Sasa ni saa nane kasoro dakika kumi. Niko mbele ya saa!"

Dokteri alinigeukia.

"Anasema kweli," nikasema. "Ako mbele ya saa." Na niliona vizuri kama Igiraneza alitumia uangalifu wake wote kwa kuandikia wagonjwa, hakubakiza hata kidogo kwa dereva.

Kwa hospitali watu thelathini na tisa walikuwa kwa benchi tangu saa mbili, telefone 08:00, kama walivyoandikiwa. Wengine walilala. Wengine walimugombeza Igiraneza mpaka alijifungia mu ofisi. Hakuna jina lililokatwa, hakuna nafasi iliyotolewa, sababu liste haiwezi kufunguliwa bila waganga. Sisi tukashuka kwa kamioneti moja na waganga, na wale watu wakatufungulia njia, wakizania bila shaka kwamba mimi ni bibi ya mukubwa fulani. Igiraneza akatoka, akanitambua.

"Namba kumi na saba," nikasema.

"Mama, mumefika saa nane."

"Ndiyo. Ulituambia mwezi wa ine, tumeshika."

Alitaka kujibu, akacheka, akaandika jina.

Walimupima muzee. Dokteri Habumugisha aliangalia mu macho yake na taa ndogo, akasema jicho la kuume ni zuri, litaona. La kushoto watajaribu, lakini kama angengojea miezi sita mingine, pale hangeahidi kitu. Kisha akasema watafanya kazi kesho asubuhi, saa moja. Watu wote wa benchi, vipofu na wanaoona, waliuliza kwa sauti moja: "Ya telefone ao ya jua?" Dokteri akaomba maji ya kunywa.

Ilibakia karatasi ya kukubali. Igiraneza aliisoma kwa kiswahili pole pole: watatia dawa ya ganzi, mutu hatalala, atasikia watu wakisema, atakuwa macho wakati wote jicho likifanyiwa kazi. Akaleta wino wa bluu kwa ajili ya kidole. Nilimushika Kanamugire mukono nimusaidie kupata pale pa kutia. Kidole chake kilikuwa kigumu kama msumari, hakikuteremuka.

"Muzee, weka," nikasema. "Watu wanangojea."

Hakuweka.

"Ile siku unaandikia Gentil," akasema, "nilikuwa nasuka kamba. Ulisema saa tano kwa sauti. Nilijua atasikia saa tano yetu. Nilimusikia mbele ya nyumba yake akiapa."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na mwezi wa ine, mu gari, niliimba."

Igiraneza aliangalia karatasi yake kama mutu anayesoma kitu muhimu sana. Mimi nilitaka kukasirika. Nilifikiria mulima, ile pilo, ile "mm" ya mama wa mihogo. Lakini nilikuwa bado nimeshika mukono wake, na mukono huo nimeujua tangu ulikuwa hauna kasoro hata moja.

"Kwa nini hukusema, Kanamugire? Miezi sita tunatafuta hii saa."

Aligeuza uso wake pale sauti yangu ilitoka, na yale macho meupe yakanikosa kidogo, upande wa sikio.

"Miezi sita unaniuliza saa, Verdiane. Saa ngapi tutoke, saa ngapi tufike. Mimi nilitaka uniulize mara moja tu kama naogopa."